Barua kwa Ofisi ya Mipango: Majibu ya Pingamizi la Kimo cha Nyumba Mji Mkongwe

Barua hii niliiandika nikiwa msanifu majengo, kwa niaba ya mteja wangu, mwenye nyumba ya ghorofa moja katika Mji Mkongwe wa Unguja, ambaye aliomba kibali cha kuongeza chumba juu ya nyumba yake na majirani wakaweka pingamizi. Nimeondoa majina, mtaa na kumbukumbu za faili, na mwenye nyumba ameridhia isomwe. Wanaojenga juu ya nyumba za zamani hukutana na pingamizi kama hizi kila mara, na kwa kawaida majibu yanayopelekwa ofisini ni mistari mitatu inayosema kwamba majirani wana husuda.

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Mipango,

YAH: MAJIBU YA PINGAMIZI LA MAJIRANI KUHUSU KIMO CHA NYONGEZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea nakala ya pingamizi lililotiwa saini na wakaazi wa nyumba tatu zinazopakana na ya mteja wangu, na kabla ya kuandika nilikaa nao barazani mbele ya Sheha, nikapanda juu ya kila nyumba kwa ruhusa ya wenyewe na kupima. Wanasema kwamba nyongeza itawazibia jua, itawakatia upepo, itamwezesha mtu kutazama ndani ya ua wao, na itaelemea ukuta wa shirika, yaani ule unaotumiwa na nyumba mbili kwa pamoja. Wameongeza kwamba Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na kwamba hakuna anayestahili kuuharibu kwa ajili ya chumba kimoja. Yote haya wameyaweka chini ya neno moja, kimo, na ombi lao ni kwamba nyumba ibaki na kimo chake cha sasa.

Ninaomba ofisi yako iyatazame mambo hayo moja moja, kwa kuwa kila moja lina kipimo chake na dawa yake. Nyumba inaweza kushushwa nusu mita na bado ikamwonyesha mpangaji ua wa jirani, na inaweza kupandishwa mita mbili bila kumnyima mtu jua hata la dakika moja.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Nyumba ilivyo leo inafika mita 8.2 kutoka barabarani hadi juu ya kingo, yaani ule ukuta mfupi unaozunguka sakafu ya juu. Mchoro waliouona majirani ulikuwa na paa la migongo miwili lililofika mita 11.4, na chumba kilikuwa karibu kabisa na ukuta wa kusini. Mchoro ninaouambatanisha sasa, baada ya kikao cha barazani, una paa la mteremko mmoja linaloishia mita 10.6, na chumba kimerudi nyuma mita 2 kutoka ukuta wa kusini na mita 3 kutoka upande wa barabara. Chumba kina upana wa mita 4.5 na urefu wa mita 5, hivyo hakifuniki hata nusu ya sakafu ya juu.

Nianze na jua, kwa sababu jirani wa kusini ndiye aliyelalamika kwa nguvu zaidi na hoja yake inapimika. Watu wengi, hata baadhi ya wenzangu katika fani hii, huamini kwamba kwetu jua liko utosini mwaka mzima na kivuli si jambo la kuhesabiwa. Si kweli. Unguja iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, na kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Mwezi Juni, siku linapokuwa mbali zaidi, linafika digrii 60 tu juu ya upeo, mnamo saa sita na dakika ishirini na tano mchana. Kwa hiyo ukuta wowote ulio kaskazini ya ua hutia ua huo kivuli katika miezi ya baridi, na jirani wa kusini amesema kweli aliposema kwamba Juni na Julai ndiyo miezi ambayo nguo zake hazikauki.

Ua wake una upana wa mita 5.2 kutoka ukuta wa shirika hadi ukuta wa nyumba yake. Kwa jua la digrii 60, ukuta wa mita 8.2 uliopo leo hutupa kivuli cha mita 4.7. Kinachobaki na jua adhuhuri ya Juni ni ukanda wa nusu mita tu, chini ya ngazi, na ukanda huo ndio alionionyesha: kamba mbili za nguo na beseni la dagaa lililofunikwa kwa kipande cha chandarua. Chumba kingejengwa juu ya ukuta wenyewe hadi mita 10.6, kivuli kingefika mita 6, ukanda ule ungekwisha na kivuli kingepanda ukuta wa upande wa pili. Kwa mchoro wa namna hiyo pingamizi lake lingekuwa halali na mimi mwenyewe nisingelitetea ombi.

Kurudi nyuma mita 2 kunabadilisha hesabu. Sehemu inayoongezeka juu ya kingo ni mita 2.4. Adhuhuri ya Juni, kivuli cha sehemu hiyo kinaelekea kusini kwa mita 1.4, na saa tisa na nusu hivi alasiri, jua linaposhuka hadi digrii 37, kinaelekea kusini kwa mita 1.9. Vyote viwili vinaishia juu ya sakafu ya mteja wangu kabla ya kufika kwenye kingo. Hivyo, tangu saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, katika siku mbaya kuliko zote za mwaka, kivuli cha chumba kipya kinabaki ndani ya kivuli cha ukuta wa zamani, na jirani hapotezi kitu. Mita 2 zimetokana na hesabu hii, na ninaomba ziandikwe katika kibali kama sharti, kwa sababu mafundi wakifika kazini hushawishika kuongeza nafasi ya chumba kwa kusogeza ukuta kidogo kidogo.

Baada ya saa tisa na nusu hesabu inabadilika, nami sitaki kuificha. Ua wenyewe wakati huo umeshaingia kivulini kwa sababu ya ukuta uliopo. Sehemu ambayo ingeweza kuguswa ni paa la jirani, lenye kimo cha mita 7, ambako pia huanikwa nguo. Kwa vipimo nilivyochukua, kivuli cha chumba kitafika ukingoni mwa paa hilo katika saa moja ya mwisho kabla ya jua kuzama, kwa majuma ya katikati ya mwaka tu. Michoro ya kivuli ya kila saa nimeiambatanisha, na nimempa jirani nakala yake ili aifuate mwenyewe kwa macho.

Upepo ni jambo jingine, na hapa siwezi kuleta hesabu iliyo safi kama ile ya jua. Jirani wa kaskazini anasema kwamba kusi huingia nyumbani kwake kwa kupita juu ya sakafu ya mteja wangu, na kwamba chumba kikisimama pale, vyumba vyake vya juu vitageuka tanuri. Nilikwenda kwake mchana wakati kusi inavuma. Dirisha la chumba cha juu lilikuwa wazi, pazia limevimba kuelekea ndani kama tanga, na mzee mwenye nyumba akaniambia nisimame pale bila kusema neno. Nilielewa. Upepo katika mji huu hauingii kwa vichochoro, ambavyo vimepinda na ni vyembamba. Hupita juu ya mapaa na kudondoka ndani ya nyua, na kila kinachosimama juu ya paa huacha nyuma yake eneo la hewa iliyotulia ambalo huenea mara kadhaa ya kimo chake.

Kwa hiyo sikubaliani na kauli aliyoitoa mteja wangu kwenye kikao, kwamba upepo ni wa Mungu na hauzibiki. Unazibika. Nilichofanya ni kukisogeza chumba upande wa magharibi, ili mita 6.5 kati ya 11 za upana wa nyumba zibaki wazi, na dirisha la jirani linatazamana na sehemu hiyo iliyo wazi. Aidha, kuta za kusini na kaskazini za chumba zina matundu ya mbao ya kupitisha hewa karibu na paa, hivyo sehemu ya upepo itapita ndani ya chumba na kutokea upande wa pili. Jirani atapoteza kiasi fulani cha kusi, hasa inapovuma kutoka kusini magharibi, na kaskazi haitaguswa kabisa. Namwachia Mkuu wa Ofisi apime kama kiasi hicho kinavumilika. Nisingependa ofisi iamue kwa kudhani kwamba msanifu amethibitisha jambo ambalo halithibitiki bila mfano wa nyumba na chombo cha kupulizia upepo.

Kuhusu macho ya watu, majirani waliandika kwamba chumba kirefu kitaona ndani ya nyua zao. Hili ni jambo zito katika mji uliojengwa kwa mpango wa kuwa na ua wa ndani kwa sababu hiyo hiyo. Lakini anayeona ni mtu aliyesimama mahali fulani, na swali la kuuliza ni mahali hapo ni wapi. Chumba chenyewe hakina dirisha upande wa kusini. Matundu ya hewa yanaanzia mita 1.9 juu ya sakafu, na jicho la mtu mzima aliyesimama liko kwenye mita 1.6 hivi. Hatari ya kweli iko kwenye zile mita 2 nilizoziacha wazi kwa ajili ya jua. Mwenye nyumba akiweka viti pale, mgeni atafika kwenye kingo, ataegemea na kuuona ua wote wa jirani, ikiwa ni pamoja na mlango wa jiko.

Kwa sababu hiyo mlango wa chumba unafunguka kaskazini, na ukanda wa kusini umekuwa paa tu: umewekewa mteremko wa chokaa usiokalika, na njia pekee ya kuufikia ni kidirisha cha fundi wa kusafisha mfereji. Nafahamu kinachowasumbua majirani zaidi ya mchoro. Nyumba nyingi za mtaa huo zimegeuzwa za wageni, na ghorofa ya juu imekuwa mahali pa chai na muziki wa jioni. Mteja wangu anasema chumba ni cha mwanawe anayeoa. Sina sababu ya kutomwamini, ila kibali humfuata mwenye nyumba wa leo na wa kesho, hivyo napendekeza kibali kieleze kwamba ukanda wa kusini hautatumika kama baraza na kwamba matumizi ya chumba ni makaazi ya familia. Sharti la matumizi litawalinda majirani hawa kuliko kupunguza kimo kwa sentimita 60.

Sasa nafika kwenye ukuta wa shirika, ambao katika pingamizi umepewa mstari mmoja wa mwisho, ilhali kwa maoni yangu ungestahili kuwa wa kwanza. Majirani walitaja Beit-al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinabeba vizuri mzigo unaoshuka wima na kusambaa sawasawa, lakini hazipendi mzigo uliokusanyika sehemu moja, na hazipendi kabisa maji yanayokaa ndani yake. Zege la saruji juu ya ukuta wa aina hiyo huleta maovu yote mawili. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Kwa chumba hiki hizo ni tani 8, kabla ya kuta na nguzo.

Chumba kitajengwa kwa mbao na mabati, na mihimili yake itakaa juu ya kuta za ndani za nyumba. Haitagusa ukuta wa shirika, wala haitalalia boriti za zamani za mikoko. Uzito wake wote ni takriban tani 4. Wakati huo huo, tulipotoboa sakafu ya juu ili kuona kilichomo, tulikuta juu ya chokaa ya asili matabaka mawili ya saruji yaliyowekwa miaka tofauti kuzuia uvujaji, jumla sentimita 9. Haya ni mazoea ya mji mzima: paa likivuja hupigwa saruji, saruji ikipasuka hupigwa nyingine, na hakuna anayekumbuka kwamba kila tabaka ni mzigo juu ya boriti zile zile. Kuyaondoa matabaka hayo katika eneo la chumba peke yake kutapunguza zaidi ya tani 4. Nyumba itakuwa na uzito karibu sawa na wa leo, na kinachozidi ni watu na vyombo vyao, ambavyo tumevikadiria kwa kilo 150 kwa mita ya mraba, yaani kama tani 3.4. Mzigo huo unakwenda kwenye kuta za ndani, ambazo mhandisi amechimba mashimo mawili kando ya misingi yake na kuridhika nayo. Ripoti yake imeambatanishwa.

Ukuta wa shirika una ufa, na jirani wa kusini alinionyesha. Unaanzia chini ya ngazi yake na kupanda kwa mshazari hadi karibu na dirisha, na kwa chini unaingiza ukucha wa kidole. Ufa wa plasta huwa mwembamba na hukimbia huku na huku bila mwelekeo. Huu wa mshazari, mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, kwa kawaida ni alama ya msingi ulioshuka. Lililo muhimu ni kujua kama bado unatembea au ulikwisha kutulia zamani. Tumebandika vipande vitatu vya kioo juu yake kwa plasta ngumu, kila kimoja kimeandikwa tarehe, na jirani ndiye anayevikagua kwa kuwa viko nyumbani kwake. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea hata kidogo kitapasuka, na hapo hakuna atakayebishana.

Chanzo cha ufa huo, kwa ninavyouona, ni maji. Mfereji wa paa la mteja wangu umeoza upande wa kusini, na kila masika maji yanatiririka juu ya ukuta na kuzama chini yake. Jirani amepaka saruji upande wake ili kuzuia unyevu, na saruji hiyo imeyafungia maji ndani, ndiyo maana chokaa inamomonyoka na kutoka kama unga ukiigusa nyuma ya plasta. Paa jipya litateremka kaskazini, na maji yataingia kwenye bomba lililo ndani ya ua wa mteja wangu. Mteja amekubali kubadilisha mfereji wa zamani na kuukarabati ukuta wa shirika kwa chokaa, pande zote mbili na kwa gharama yake, kabla ya kuanza kazi ya juu. Ombi likikataliwa kwa sababu ya kimo pekee, ukuta huo utabaki kama ulivyo.

Kuhusu Urithi wa Dunia nitasema machache. Kichochoro mbele ya nyumba kina upana wa mita 2.6, na mtu aliyeegemea ukuta wa upande wa pili hawezi kukiona chumba kilichorudi nyuma mita 3. Kitaonekana kutoka mapaa ya jirani, kama vinavyoonekana vibanda vingi vya mbao ambavyo wazee wa mji huu walikuwa wakikaa jioni kupunga upepo. Rangi ya mabati ninaiachia ofisi iichague.

Majirani wameuliza kwa nini chumba kisishushwe tena hadi mita 10. Kwa kimo hicho dari ya ndani ingekuwa mita 2.3 au chini yake, chini ya mabati, na hakuna mtu atakayelala humo mwezi wa Februari bila kiyoyozi. Kiyoyozi kikifungwa, mashine yake itaning'inia kwenye ukuta wa kusini na kumpulizia jirani joto na kelele usiku kucha. Kati ya mambo hayo mawili, sentimita 60 ni nafuu kwake.

Kwa hayo yote, naomba kibali kitolewe kwa mchoro ulioambatanishwa kwa masharti manne: umbali wa mita 2 kutoka ukuta wa kusini upimwe na mkaguzi wenu kabla ya kuta kusimamishwa, ukanda wa kusini usitumike kama baraza, zege la saruji lisitumike popote juu ya kuta za zamani, na kazi ya juu isianze hadi mfereji na ukuta wa shirika vitakapokuwa vimekarabatiwa na vioo vyote vitatu vimepita masika moja bila kupasuka. Kioo kimojawapo kikipasuka, mteja wangu ameridhia kwa maandishi kwamba ombi lirudi mezani kwenu pamoja na ripoti mpya ya mhandisi. Nakala ya ridhaa hiyo ni kiambatisho cha sita, na nakala ya barua hii nimewapelekea Sheha na majirani wote watatu.

Wako katika ujenzi,

Msanifu Majengo